Uzi: Njia ya kufunika kigawo tunapopasua sehemu: kwa nini inaruhusiwa kuweka namba inayoifanya asili iwe sifuri?

Kidato_Singida (mleta uzi)

Habari zenu wanajukwaa. Ninasoma Kidato cha Tano, tahasusi ya PCM, na ninaomba msaada katika jambo ambalo limezua ubishi kati yangu na mwenzangu wa dawati moja. Tulipewa sehemu hii tuipasue iwe jumla ya sehemu tatu ndogo:

(4x² + 3x − 25) / [(x − 1)(x + 2)(x − 3)] = A/(x − 1) + B/(x + 2) + C/(x − 3)

Mimi nilifuata njia ndefu. Nilizidisha pande zote, nikafungua mabano, kisha nikalinganisha namba zinazosimama mbele ya x², mbele ya x, na zile zilizobaki peke yake. Nilipata milinganyo mitatu, yaani A + B + C = 4, halafu −A − 4B + C = 3, na −6A + 3B − 2C = −25, na baada ya karibu ukurasa mzima nikapata A = 3, B = −1 na C = 2.

Mwenzangu hakuandika hata mlinganyo mmoja. Alifunika (x − 1) kwa kidole, akaweka x = 1 katika kila kilichobaki kuonekana, akapata −18 kugawanya kwa −6, yaani 3. Akafunika (x + 2), akaweka x = −2, akapata −15 kugawanya kwa 15, yaani −1. Akafunika (x − 3), akaweka x = 3, akapata 20 kugawanya kwa 10, yaani 2. Majibu yetu yalilingana, naye akamaliza kabla sijafika katikati.

Ninachouliza si namna ya kuifanya, kwa maana hilo nimekwisha kuliona. Ninauliza kwa nini ni halali. Nikiweka x = 1 katika swali lenyewe ninapata −18 juu ya sifuri, kitu ambacho tumefundishwa tangu shule ya msingi kwamba hakina maana. Je, kidole kinabadilisha nini? Ninahofia kwamba majibu yanalingana kwa bahati tu katika swali hili.

---

Mkokotozi

Mdogo wangu, hapo hakuna muujiza wowote. Unapofunika (x − 1) maana yake umezidisha pande zote mbili kwa (x − 1), kwa hiyo umeifuta katika asili, na ikishafutwa sifuri haipo tena. Baada ya hapo uko huru kuweka 1. Njia hii ni sahihi daima, ilimradi vigawo vya asili ni vya x yenye kipeo cha kwanza na hakuna kinachojirudia.

Ongeza na hili, kwa sababu wengi huliacha: iwapo kigawo si (x − a) bali kina namba mbele ya x, kwa mfano (2x − 1), ni lazima ugawanye jibu lako kwa hiyo namba, hapa 2, la sivyo utakosa.

---

Kidato_Singida

Asante kaka, lakini hapo ndipo ninapokwama. Ili kuzidisha na kisha kufuta (x − 1) juu na chini, ni lazima kwanza niamini kwamba (x − 1) si sifuri. Kisha mara tu baada ya kuifuta ninasema x = 1, jambo linaloifanya (x − 1) iwe sifuri ile ile niliyoapa kwamba haipo. Ninaona kama nimevunja sharti lililonipa ruhusa.

---

Mwl_Mstaafu

Kijana, swali lako ni zuri kuliko jibu ulilopewa, na huyo ndugu Mkokotozi asikasirike kwa kuambiwa hivyo, maana ameeleza nusu ya jambo na nusu hiyo haina kosa. Nimefundisha hesabu za sekondari ya juu kwa muda mrefu, na wanafunzi wengi hawafiki hata kwenye shaka hii.

Tuanze pale aliposimama. Chukua x yoyote ambayo si 1, si −2 wala si 3. Kwa x ya namna hiyo hakuna sifuri popote, na una haki kamili ya kuzidisha pande zote kwa (x − 1). Unapata hivi:

(4x² + 3x − 25) / [(x + 2)(x − 3)] = A + (x − 1) · [B/(x + 2) + C/(x − 3)]

Mpaka hapa usawa huu umethibitika kila mahali isipokuwa katika zile namba tatu. Hatujasema lolote kuhusu x = 1. Sasa utazame upande wa kushoto na upande wa kulia, kila mmoja peke yake, ukiwa jirani kabisa na 1. Hakuna hata upande mmoja unaolipuka pale; asili zilizobaki ni (x + 2) na (x − 3), nazo kwa x = 1 ni 3 na −2. Kila upande unapita juu ya 1 bila kukatika wala kuruka. Pande mbili zisizokatika, zinazolingana kwa kila x iliyo karibu na 1 kushoto na kulia, haziwezi kutofautiana pale pale kwenye 1. Kwa hiyo usawa unafika hadi x = 1 ingawa hatukuupata kwa kuweka x = 1 tangu mwanzo, na kwa x hiyo mabano yote ya upande wa kulia huzidishwa kwa sifuri, ikabaki A peke yake.

Usiniamini kwa maneno tu, chukua kikokotoo. Weka x = 1.01 katika upande wa kushoto baada ya kufunika. Juu utapata −17.8896, chini −5.9899, na jibu ni takriban 2.9866. Weka x = 1.001 nawe utapata takriban 2.9987. Katika namba hizi mbili hujavunja sharti lolote, kwa maana x haikuwa 1, na bado thamani inakwenda kwenye 3. Kuweka x = 1 moja kwa moja ni kuisoma ile thamani ambayo jirani zake wote wanaielekea.

Kwa hiyo kidole hakiigawanyi −18 kwa sifuri. Kidole kinakuhamisha kutoka sehemu moja kwenda sehemu nyingine, ambayo ni sawa na ile ya kwanza ikizidishwa kwa (x − 1), na sehemu hiyo ya pili haina tatizo lolote pale 1.

---

Binti_Pemba

Shikamoo Mwalimu. Maelezo yako nimeyafuata vizuri, lakini ninaomba kurudi kwa kaka Mkokotozi kuhusu ule ushauri wa kugawanya kwa 2, kwa sababu nimeujaribu na umenipa jibu lisilo sahihi. Swali langu lilikuwa hili:

(7x + 1) / [(2x − 1)(x + 4)] = A/(2x − 1) + B/(x + 4)

Nilifunika (2x − 1) na kuweka x = 1/2, kwa sababu hiyo ndiyo namba inayoifanya iwe sifuri. Juu kulikuwa na 4.5, na kilichobaki chini kilikuwa pia 4.5, kwa hiyo A = 1. Kisha x = −4 ilinipa −27 kugawanya kwa −9, yaani B = 3. Nikirudisha, 1·(x + 4) + 3·(2x − 1) ni 7x + 1 kamili. Ningeligawanya A kwa 2 kama alivyoelekeza, ningeandika nusu, na jumla isingerudi kuwa 7x + 1.

---

Mkokotozi

Dada, mimi nilimaanisha pale ambapo umeiandika kama (x − 1/2). Vitabu vingi hupenda x ibaki bila namba mbele yake. Ukiandika sehemu yako kuwa A/(x − 1/2), A ni nusu, si 1. Kwa hiyo sikukosea, ila tumeandika vitu viwili tofauti.

---

Mwl_Mstaafu

Marahaba mwanangu Binti_Pemba. Nyote wawili mna hoja, lakini kanuni inayowalinda ni moja tu, na ni nyepesi kuliko kukumbuka lini mtu agawanye: kile ulichokifunika juu ya karatasi ni lazima kiwe kile kile, herufi kwa herufi, utakachokiandika chini ya A. Ukifunika (2x − 1) yote, namba unayoipata ni ya kukaa juu ya (2x − 1). Ukitaka iwe juu ya (x − 1/2), kwanza itoe 2 nje na uiache ionekane katika asili, ndipo ufunike (x − 1/2). Ile 2 iliyobaki wazi itakugawanyia yenyewe.

Kanuni hiyo hiyo inaokoa watu katika alama ya kutoa, ambako makosa ni mengi zaidi kwa sababu hayapigi kelele. Tazama 10 / [(x + 2)(3 − x)]. Ukifunika (3 − x) na kuweka x = 3 unapata 10/5, yaani 2, na jibu ni 2/(3 − x). Mwanafunzi aliyezoea kuona x ikitangulia huandika 2/(x − 3) bila kufikiri, na tayari amebadilisha alama ya kipande kizima. Sehemu ya pili, kwa x = −2, nayo ni 2/(x + 2). Pima kwa x = 0: swali linatoa 10/6, na 2/2 + 2/3 inatoa kiasi hicho hicho. Kwa jibu la yule aliyegeuza mabano, x = 0 inatoa theluthi moja, na hapo kosa linajitokeza.

---

Mzazi_Kibaha

Samahani wakuu, mimi nimeona kichwa cha uzi kinataja kupasua sehemu nikadhani ni hesabu za binti yangu wa darasa la sita. Wao wamepewa waonyeshe kwamba 1/6 ni sawa na 1/2 kutoa 1/3, na 1/12 ni 1/3 kutoa 1/4, kisha waendelee. Hizo x zenu zimenipita. Je, kuna njia fupi ya kumwonyesha?

---

Mwl_Mstaafu

Karibu, mzazi mwenzangu. Hukupotea mbali kama unavyodhani. Kwa binti yako mwambie tu atafute asili ya pamoja: 1/2 ni 3/6, 1/3 ni 2/6, tofauti ni 1/6, na hilo linamtosha kwa umri wake. Lakini kwa hawa wakubwa, orodha yake ni sehemu 1/[x(x + 1)]. Funika x na kuweka 0, unapata 1. Funika (x + 1) na kuweka −1, unapata −1. Kwa hiyo ni 1/x − 1/(x + 1), na ukiweka x = 2 unaiona 1/6 yake, ukiweka x = 3 unaiona 1/12.

---

Kidato_Singida

Shikamoo Mwalimu. Nimeelewa kuhusu x = 1, na nimefanya zile hesabu za 1.01 na 1.001 zikakubali. Lakini mwenzangu sasa amenigeukia na swali jipya. Anasema hoja yako yote inaanza kwa kudhani kwamba A, B na C zipo, yaani kwamba sehemu ile inaweza kupasuliwa vipande vitatu vya namna hiyo. Je, ikiwa haipasuki, si kidole bado kingetupa namba tatu, nasi tungeziandika kwa kujiamini?

---

Mwl_Mstaafu

Mwambie mwenzako kwamba amegusa mahali penyewe. Kidole hakikatai kamwe. Hutoa namba kila unapokiuliza, hata pale ambapo namba hizo hazitoshi. Kwa hiyo tugeuze hoja. Tusidhani kwamba A, B na C zipo. Tuchukue zile namba tatu ambazo kidole kimetupa, 3, −1 na 2, tuzitazame kama washukiwa, tuone kama zinafanya kazi.

Viweke vile vipande vitatu juu ya asili moja ya pamoja. Kiasi kitakachopatikana ni hiki:

3(x + 2)(x − 3) − 1(x − 1)(x − 3) + 2(x − 1)(x + 2)

Kiasi cha swali letu ni 4x² + 3x − 25. Toa kimoja kutoka kwa kingine, uite tofauti hiyo D. Sina haja ya kufungua mabano hata moja. Pale x = 1, vipande viwili vya mwisho vinakufa, na cha kwanza kinabaki 3 × 3 × (−2) = −18, ambayo ndiyo hasa thamani ya kiasi cha swali kwa x = 1, kwa sababu hivyo ndivyo tulivyoichagua ile 3. Kwa hiyo D ni sifuri pale 1. Kwa sababu hiyo hiyo D ni sifuri pale −2 na pale 3. Sasa D haina kitu kinachozidi x², kwa maana kila kilichoiunda kina kipeo cha juu kabisa cha 2. Polinomia ya kipeo cha pili ambayo si sifuri yenyewe haiwezi kuwa sifuri katika zaidi ya namba mbili. Hii yetu ni sifuri katika namba tatu. Basi D ni sifuri kila mahali, na washukiwa wetu ndio wahusika.

Angalia tumepata nini kwa hatua hizo chache. Tumethibitisha kwamba sehemu inapasuka, kwamba namba za kidole ndizo zinazoipasua, na hatukugawanya kwa sifuri hata mara moja, wala hatukuhitaji kukaribia 1 kwa 1.001. Mimi binafsi ninaipenda hoja hii kuliko ile ya kwanza niliyokupa, kwa sababu inaonyesha waziwazi masharti yanayotumika: namba tatu ziwe tofauti, ndiyo maana vigawo visijirudie, na kiasi kisizidi x², yaani kipeo chake kiwe chini ya kile cha asili. Ondoa sharti lolote kati ya hayo mawili na hoja inaanguka pale pale.

---

Asiyekata_Tamaa

Mimi njia hii imeniangusha na ninaandika hapa ili wengine wajihadhari nayo. Nilipewa x² / [(x − 1)(x + 2)]. Asili ina vigawo viwili, tofauti, vya kipeo cha kwanza, kama mnavyosema. Nilifunika nikapata 1/3 juu ya (x − 1) na −4/3 juu ya (x + 2). Nilipoweka x = 0 ili kupima, swali lilitoa sifuri lakini jibu langu lilitoa −1. Kwa maoni yangu mtu afungue mabano tu na alinganishe; njia ndefu haidanganyi.

---

Binti_Pemba

Ndugu, njia ndefu nayo ingekukataa, kwa sababu ungeanza na A/(x − 1) + B/(x + 2) na kukuta upande wa kushoto kuna x² ilhali upande wa kulia hakuna hata moja. Kiasi chako kina kipeo sawa na asili. Ilibidi ugawanye kwanza, upate 1 na mabaki, halafu upasue mabaki.

---

Mwl_Mstaafu

Binti_Pemba amejibu sawasawa, nami ninaongeza jambo moja tu, kwa sababu mfano wako, ndugu, ni mzuri na ulipima kama inavyopaswa. Namba zako 1/3 na −4/3 si za makosa. Ni sahihi zote mbili. Kilichokosekana ni ile 1, na ndiyo tofauti uliyoiona pale x = 0, sifuri dhidi ya −1. Jibu kamili ni 1 + (1/3)/(x − 1) − (4/3)/(x + 2).

Ukirudi kwenye ile D utaona sababu yake. Safari hii D ina x² na tunajua ni sifuri katika namba mbili, 1 na −2. Hilo halitoshi kuifuta, kwa sababu (x − 1)(x + 2) nayo ni sifuri katika namba hizo hizo na si sifuri kwingineko. Kwa hiyo kidole kinaona kila kitu isipokuwa kile kipande kinachozaliwa na kugawanya. Ukitaka, unaweza hata kufunika katika swali la awali bila kusubiri mabaki, ilimradi usisahau kugawanya kando na kuongeza jibu la mgawanyo huo.

---

Fundi_Saketi

Salaam kwenu nyote. Mimi si mwalimu bali ni mhandisi wa umeme, na njia hii ninaitumia mara kwa mara, kwa hiyo naomba niilete pale ilipokulia. Inaitwa kwa jina la Oliver Heaviside, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1850 na kufariki 1925, ambaye alianza kazi kama mwendeshaji wa telegrafu na akazikokotoa saketi kwa mbinu zake mwenyewe. Siku hizi tunapitia njia ya Laplace, inayogeuza mlinganyo wa saketi kwa wakati t uwe sehemu yenye herufi s, lakini kazi ya kupasua ni ile ile.

Chukua saketi ya mfululizo yenye ukinzani R, koili L na kapasita C, ambayo haikuwa na chaji wala mkondo, kisha ukaiunganisha ghafla na volti 1. Tuseme R/L ni 8 na 1/(LC) ni 12. Volti ya kapasita katika herufi s inakuwa:

12 / [s(s² + 8s + 12)] = 12 / [s(s + 2)(s + 6)]

Funika s, weka 0: 12/12, yaani 1. Funika (s + 2), weka −2: 12 kugawanya kwa (−2)(4), yaani −1.5. Funika (s + 6), weka −6: 12 kugawanya kwa (−6)(−4), yaani 0.5. Tukirudi kutoka s kwenda wakati t, kila 1/(s + a) huwa e^(−at), na 1/s huwa 1. Kwa hiyo volti kwa wakati t ni

v(t) = 1 − 1.5e^(−2t) + 0.5e^(−6t)

Sasa angalia jinsi saketi yenyewe inavyokukagua. Pale t = 0 kapasita haina chaji, na kweli 1 − 1.5 + 0.5 ni sifuri. Mkondo nao ulikuwa sifuri, kwa hiyo volti haipaswi kuanza kupanda papo hapo. Kasi yake mwanzoni ni 1.5 × 2 − 0.5 × 6, ambayo ni sifuri pia. Muda mrefu ukipita inabaki 1, sawa na chanzo. Ukikosea alama moja tu, mojawapo ya hizo itakataa.

Ule ukaguzi wa kwanza unawafaa hata ninyi wa mtihani. Zidisha pande zote kwa x na uache x iwe kubwa mno: jumla ya namba zote za kidole ni lazima iwe sawa na namba ya kiasi inayosimama mbele ya kipeo kilicho chini ya kile cha asili kwa moja tu. Katika saketi yangu hakuna s² juu, kwa hiyo jumla ni sifuri. Katika swali la mleta uzi kuna 4x² juu, na 3 − 1 + 2 ni 4. Ni kuhesabu kwa kichwa tu. Ila vigawo viwe na x bila namba mbele yake. Ule mfano wa (2x − 1) hauendi hivyo moja kwa moja.

---

Mkokotozi

Fundi, na ikiwa zile namba mbili ziko karibu karibu? Nimeona mahali wakionya.

---

Fundi_Saketi

Wanaonya kwa haki. Weka asili iwe s(s + 2)(s + 2.01) na juu 4.02. Kidole kinatoa 1, kisha −201, kisha 200. Jumla ni sifuri kama inavyotakiwa, na kimahesabu hakuna kosa. Lakini volti halisi haivuki 1, nawe unaipata kwa kutoa namba mbili zilizo karibu na mia mbili. Ukikata e^(−2.01t) kwenye tarakimu ya nne baada ya nukta, kosa lako dogo linazidishwa kwa 200 na kugusa tarakimu ya pili ya volti. Nikiona namba mbili kubwa zenye alama tofauti namna hiyo, ninajua kwamba vigawo vinakaribia kujirudia, na ninatafuta njia nyingine.

---

Asiyekata_Tamaa

Na vikijirudia kabisa? Nina (x + 5) / [(x − 1)²(x + 2)].

---

Binti_Pemba

Hapo kidole kinakupa viwili kati ya vitatu. Funika (x − 1)² yote, weka 1, unapata 6/3 = 2, nayo ni ya juu ya (x − 1)². Funika (x + 2), weka −2, unapata 3/9, theluthi moja. Ya juu ya (x − 1) peke yake kidole hakiifikii, lakini jumla ya Fundi inaifikia: juu hakuna x², kwa hiyo hiyo namba pamoja na theluthi moja ni sifuri, yaani ni −1/3. Nimepima kwa x = 0, pande zote ni 2.5.

---

Kidato_Singida

Ninawashukuru sana. Limebaki moja la kutumia darasani. Je, katika mtihani mtu akiandika tu A = 3, B = −1, C = 2 bila hatua, anapewa alama?

---

Mkokotozi

Kwa nini asipewe? Jibu ni sahihi na njia inajulikana dunia nzima.

---

Binti_Pemba

Mimi nisingethubutu. Msahihishaji haoni kidole chako. Andika angalau mstari mmoja wa kila herufi, kwa mfano A = (4 + 3 − 25)/[(3)(−2)] = 3, ili ukikosea hesabu ndogo aone kwamba njia ilikuwa sahihi.

---

Mwl_Mstaafu

Mimi nilikuwa nikitoa alama kwa ule mstari mmoja anaousema Binti_Pemba, na mwenzangu niliyesahihisha naye alikuwa akitaka aone usawa wa viasi umeandikwa kwanza, yaani 4x² + 3x − 25 = A(x + 2)(x − 3) + B(x − 1)(x − 3) + C(x − 1)(x + 2), ndipo x iwekwe. Hatukuwahi kukubaliana. Kijana, muulize mwalimu wako anataka ipi, na ukiona swali linasema "onyesha", andika ule usawa; haukuchukui hata dakika moja, na kuweka x = 1 ndani yake hakuna wa kukubishia, kwa sababu hapo hakuna asili.